Umbo la Upungufu: Kwa Nini Silinda Huchelewa Kufika Chini

Tuseme tuna silinda ya chuma isiyo na uwazi ndani, yenye kipenyo cha sentimita 5 na urefu wa sentimita 10. Tunaiweka juu ya ubao wa mita 2 ambao ncha yake moja imeinuliwa sentimita 10, kisha tunaiachia ibingirike umbali wa mita 1.5 huku tukipima muda kwa saa ya kusimamisha. Kanuni za mwendo zinatabiri kwamba mchapuko wake, yaani kiasi ambacho kasi inaongezeka kila sekunde, utakuwa 0.326 m/s². Saa inaonyesha sekunde 3.20, na ukiugeuza muda huo kuwa mchapuko kwa kanuni ya kawaida, mara mbili ya umbali kugawanya kwa mraba wa muda, unapata 0.293. Kipimo kimepungukiwa na utabiri kwa asilimia 10. Katika ripoti nyingi za maabara, hapo ndipo mwandishi huandika sentensi moja, kwamba tofauti hiyo imesababishwa na msuguano, na kufunga daftari. Hoja ya sura hii ni kwamba sentensi hiyo haijaeleza lolote. Upungufu una umbo: unakua au unapungua kwa namna fulani tunapobadilisha mwinuko, umbali au kitu kinachobingirika, na umbo hilo ndilo linalomtaja mhusika. Anayepima mara moja, kwa mwinuko mmoja na umbali mmoja, ana namba moja tu mkononi, na namba moja haina umbo.

Tuanze na utabiri wenyewe, kwa sababu upungufu mwingine huzaliwa kwenye karatasi kabla silinda haijaguswa. Kitu kinachoserereka juu ya mteremko usio na msuguano hupata mchapuko sawa na g, ule wa kitu kinachoanguka, mara uwiano wa kimo kwa urefu wa ubao. Uwiano huo nitauita mwinuko. Kwa ubao wetu mwinuko ni 10 kugawanya kwa 200, yaani 0.05, na kwa g ya 9.78 m/s², thamani inayofaa karibu na ikweta, tunapata 0.489. Ukilinganisha kipimo cha 0.293 na namba hiyo utaona pengo la asilimia 40, na utadhani kuna nguvu kubwa inayoizuia silinda. Sehemu kubwa ya pengo hilo si kizuizi hata kidogo. Silinda inayobingirika hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja, inasonga mbele na inazunguka, na uvutano unapaswa kulipia yote mawili. Kwa silinda iliyojaa, kati ya kila sehemu tatu za nishati inayotolewa na kushuka, mbili huenda kwenye kusonga na moja kwenye kuzunguka. Ndiyo maana mchapuko wake ni theluthi mbili tu za ule wa kuserereka, na theluthi mbili za 0.489 ni 0.326. Uzito wa silinda na unene wake havimo katika hesabu hiyo. Kinachohesabika ni jinsi tungamo lilivyosambaa kutoka katikati kwenda ukingoni. Bomba lenye ukuta mwembamba sana, ambalo tungamo lake karibu lote liko ukingoni, hugawana nusu kwa nusu, na mchapuko wake hushuka hadi 0.245 kwenye ubao uleule.

Hapo ndipo neno msuguano linapoanza kuleta mkanganyiko. Silinda haiwezi kuanza kuzunguka bila kushikwa na ubao pale inapougusa, na mshiko huo ni msuguano. Bila huo ingeserereka tu kama kipande cha sabuni juu ya kioo kilicholowa. Kwa hiyo msuguano huu tayari umo ndani ya theluthi mbili zetu, na anayeutaja tena kueleza pengo lililobaki anaudai deni lililokwisha kulipwa. Zaidi ya hayo, mshiko huu haupotezi nishati. Wakati silinda inabingirika bila kuteleza, nukta yake inayogusa ubao imetulia kwa kitambo hicho kabisa, haikwaruzi mahali. Nguvu inayoshika kitu kilichotulia haili nishati ya mwendo. Inahamisha tu sehemu ya nishati hiyo kutoka kwenye kusonga kwenda kwenye kuzunguka, na yote bado iko ndani ya silinda.

Mtu anaweza kupinga hapa na kusema: basi labda silinda haikubingirika vizuri, iliteleza kidogo, na kuteleza kunapoteza nishati. Ni pingamizi la maana, lakini linaanguka kwa sababu mbili. Kwanza, kwenye mwinuko wetu mteremko ni chini ya nyuzi 3, ilhali silinda iliyojaa huanza kuteleza pale tu tanjiti ya pembe inapozidi mara tatu ya namba ya msuguano kati yake na ubao. Hata kama namba hiyo ni 0.3 tu, kuteleza kungeanza karibu na nyuzi 42. Pili, na hili ndilo linalowashangaza wengi, silinda inayoteleza haichelewi kuliko inayobingirika. Inawahi. Ikiteleza, ubao haukuweza kuishika vya kutosha kuizungusha kikamilifu, kwa hiyo nguvu inayoivuta nyuma ni ndogo kuliko ile ambayo kubingirika kungehitaji, na mchapuko wa katikati yake unazidi theluthi mbili. Ni kweli kwamba joto linazalika pale panapokwaruzana, lakini saa yetu haipimi joto, inapima mwendo wa kwenda mbele. Kuteleza kungefanya kipimo kipite juu ya utabiri. Sisi tumepata chini yake, kwa hiyo kuteleza kumetolewa kwenye orodha ya watuhumiwa.

Sasa tufanye kile ambacho kipimo kimoja hakiwezi kufanya. Umbali ubaki mita 1.5, na tubadilishe kimo cha ncha ya ubao: kwanza sentimita 4, kisha 10, kisha 20. Mwinuko unakuwa 0.02, 0.05 na 0.10. Kwa kila kimo tunapima mara kadhaa na kuchukua wastani.

| Kimo (sm) | Muda (s) | Mchapuko uliopimwa (m/s²) | Uliotabiriwa (m/s²) | Upungufu |
|---|---|---|---|---|
| 4 | 5.16 | 0.113 | 0.130 | asilimia 14 |
| 10 | 3.20 | 0.293 | 0.326 | asilimia 10 |
| 20 | 2.27 | 0.582 | 0.652 | asilimia 11 |

Kwa haraka haraka jedwali hili linaonekana kumtetea mwandishi wa ile sentensi moja. Upungufu uko kati ya asilimia 10 na 14 kila mahali, karibu ni ule ule, na mtu anaweza kuhitimisha kwamba ubao huu unakula asilimia 11 hivi ya mwendo, basi. Lakini tazama tena namba tatu za mwisho: zinashuka kutoka 14 hadi 10, halafu zinapanda kidogo hadi 11. Sababu moja iliyo rahisi haiwezi kushusha kisha ikapandisha. Hii ni dalili kwamba wahusika ni wawili, na kwamba tabia zao zinapingana: mmoja hufanya kazi zaidi kwenye mteremko wa pole, mwingine kwenye mteremko mkali, na pale katikati wanakutana na kufichana.

Fikiria mhusika wa kwanza kuwa nguvu ndogo inayoirudisha silinda nyuma, isiyobadilika hata ubao ukiinuliwa. Kwenye mteremko wa pole, nguvu inayoivuta silinda chini ni ndogo, kwa hiyo kizuizi kilekile kinachukua sehemu kubwa yake. Kwenye mteremko mkali kinakuwa tone baharini. Asilimia ya upungufu inayotokana nacho lazima ishuke kadiri ubao unavyoinuka. Fikiria mhusika wa pili kuwa saa, au tuseme kidole kilicho juu ya saa, kinachoongeza kiasi kilekile cha muda katika kila kipimo. Silinda ikitumia sekunde 5, nyongeza ya sekunde 0.1 ni jambo dogo. Ikitumia sekunde 2, ni kubwa. Na kwa kuwa muda huingia kwenye hesabu ukiwa umepigwa mraba, kosa la asilimia moja kwenye muda huwa asilimia mbili kwenye mchapuko. Asilimia ya upungufu inayotokana na saa lazima ipande kadiri ubao unavyoinuka na muda unavyofupika. Basi tuna tabia mbili zilizo kinyume, na zikijumlishwa zinatoa umbo lilelile la jedwali letu. Kilichobaki ni kuzitenganisha kwa kipimo, maana kufanana kwa umbo bado ni tuhuma tu.

Kidole kinanaswa kwa kubadilisha umbali huku mwinuko ukibaki palepale. Rudi kwenye kimo cha sentimita 10, upime muda wa kufika nusu mita, mita moja na mita moja na nusu. Tuseme tunapata sekunde 1.89, 2.63 na 3.20. Ukikokotoa mchapuko kutoka kila umbali peke yake utapata 0.280, kisha 0.289, kisha 0.293. Ni kama silinda ile ile, juu ya ubao ule ule, inachapuka vizuri zaidi kadiri inavyokwenda mbali. Hakuna kizuizi cha ubao kinachoweza kufanya hivyo. Lakini nyongeza isiyobadilika kwenye saa hufanya hivyo hasa, kwa sababu inaumiza zaidi safari fupi. Ili kuipima nyongeza hiyo, chora grafu ya muda dhidi ya kipeuo cha pili cha umbali. Kitu kilichoanza kikiwa kimetulia na kuchapuka kwa kiwango kimoja hutoa mstari ulionyooka kwenye grafu hii, na mstari huo unapaswa kupita kwenye sifuri, kwa maana safari isiyo na umbali haina muda. Mstari wetu umenyooka, lakini haupiti kwenye sifuri. Unakata mhimili wa muda kwenye sekunde 0.10. Hiyo ndiyo nyongeza ya kidole. Mwinamo wa mstari wenyewe, ambao haujali mstari unaanzia wapi, unatoa mchapuko wa 0.312.

Njia hii ina ukoo mrefu. Mwaka 1638 kitabu cha Galileo kuhusu sayansi mbili mpya kilichapwa Leiden, Uholanzi, na ndani yake anaeleza ubao wenye urefu wa dhiraa 12 hivi, uliochongwa mfereji mwembamba, ukasuguliwa na kutandikwa ngozi laini, ambamo tufe la shaba nyeusi lilibingirishwa. Hakuwa na saa ya sekunde. Alipima muda kwa kupima uzito wa maji yaliyotiririka kutoka kwenye chombo. Hakujua pia ni sehemu gani ya nishati huenda kwenye kuzunguka, kwani hesabu hiyo ilikuja baada yake. Hata hivyo alipata kanuni iliyo sahihi, kwamba umbali hukua kwa mraba wa muda, na aliipata kwa sababu alilinganisha safari na safari badala ya kutafuta mchapuko halisi. Ile theluthi inayoliwa na mzunguko, au kwa tufe sehemu mbili kati ya saba, hupunguza safari zote kwa uwiano mmoja, hivyo hujifuta mtu anapogawanya muda mmoja kwa mwingine. Katika karne ya 20 mwanahistoria Alexandre Koyré alitilia shaka kwamba vifaa duni namna hiyo vingeweza kutoa usahihi ambao Galileo alidai. Mwaka 1961 Thomas Settle alichapisha matokeo ya kurudia jaribio hilo kwa ubao na maji, na ikaonekana kwamba usahihi ule unafikika. Kwa hoja yetu, la kuzingatia ni kwamba ulinganifu wa safari kadhaa huona kile ambacho safari moja haiwezi kuona, hata pale ambapo vifaa ni duni.

Hapa anatokea mpingaji wa pili, naye ana hoja ambayo wanafunzi wengi wamefundishwa kuiamini: kama tatizo ni kidole, si tupime mara 20 tuchukue wastani? Wastani huponya kosa la kubahatisha, lile ambalo leo linazidisha na kesho linapunguza. Hauponyi kosa lenye mwelekeo. Anayeachia silinda kwa mkono mmoja na kubonyeza saa kwa mkono mwingine kwa pamoja hachelewi mwanzoni, kwa sababu tukio analianzisha mwenyewe. Mwishoni anasubiri jicho lione silinda ikifika kwenye alama ndipo kidole kitii, na mwitikio wa binadamu kwa kitu anachokiona huchukua karibu sehemu mbili za kumi za sekunde. Akiwa anaitazama silinda ikikaribia ataotea kidogo, na ucheleweshaji utapungua, labda hadi 0.1. Lakini ataotea kwa namna ile ile mara zote 20. Wastani utakaa palepale huku mtawanyiko ukipungua, na mpimaji atazidi kuliamini kosa lake. Ikiwa mpimaji huanza saa kwa kuitikia mwito wa mwenzake, ucheleweshaji wa mwanzo na wa mwisho hukaribia kufutana, na mstari wa grafu utarudi karibu na sifuri. Huo nao ni uthibitisho: ukibadilisha namna ya kubonyeza na mstari ukahama, unajua kwa hakika kwamba kosa lilikuwa kwenye saa.

Sasa tuondoe sekunde 0.10 kutoka kwenye kila muda wa jedwali la kwanza. Tunabaki na 5.06, 3.10 na 2.17, na michapuko inakuwa 0.117, 0.312 na 0.637. Kwa asilimia, upungufu sasa ni 10, 4 na 2. Unashuka bila kupanda tena, kama tulivyotarajia kwa kizuizi kisichobadilika. Ukiacha asilimia na kutoa tu kipimo kutoka kwenye utabiri, unapata 0.013, 0.014 na 0.015 m/s². Mteremko umekuwa mkali mara tano, na kiasi kinachokosekana hakikubadilika isipokuwa kwa tofauti ndogo ambayo usahihi wa saa unaieleza, kwani kosa la mia moja ya sekunde kwenye safari ya sekunde 2.17 linatosha kuhamisha mchapuko kwa 0.006. Huyu ndiye mhusika wetu wa kwanza, akiwa peke yake, bila kivuli cha saa.

Jina lake ni ukinzani wa kubingirika, na si msuguano ule wa kushika. Chuma kinapokaa juu ya mbao, mbao hubonyea kidogo chini yake. Silinda inaposonga, inaibonyeza mbao iliyo mbele na kuiachia iliyo nyuma. Kama mbao ingekuwa spiringi kamili, ile ya nyuma ingeirudishia silinda kila kilichochukuliwa mbele. Mbao si spiringi kamili. Inarudisha pungufu, na kinachobaki hugeuka joto ndani ya nyuzi zake. Matokeo yake ni kwamba ubao unaisukuma silinda juu kutoka nukta iliyo mbele kidogo ya ile iliyo chini kabisa ya katikati yake, na msukumo huo uliohama unapinga mzunguko. Ukubwa wake hupimwa kwa namba moja tu, uwiano wa kizuizi kwa uzito. Mchapuko wa kweli kwenye mteremko wa pole ni

a = (2/3) × g × (mwinuko − C)

ambapo C ndiyo namba hiyo ya ukinzani. Upungufu wetu wa 0.014 unatoa C ya karibu 0.002, yaani kizuizi sawa na elfu mbili za uzito wa silinda. Kwa nusu kipenyo cha sentimita 2.5, hii ina maana kwamba msukumo wa ubao umehama mbele kwa milimita 0.05, nusu ya unene wa karatasi ya daftari. Uhamaji huo mdogo ndio uliokula asilimia 10 ya mchapuko kwenye ubao ulioinuliwa sentimita 4.

Mpingaji wa tatu ndiye mkali kuliko wote, na namkubalia nusu ya hoja yake. Anasema: katika kanuni yako C imetolewa kutoka kwenye mwinuko, kwa hiyo kosa lolote la kupima mwinuko litaonekana kama C. Ni kweli kabisa. Ikiwa meza yenyewe imeinama kuelekea upande wa juu wa ubao, mwinuko halisi ni mdogo kuliko tulioupima, na kwa kila kimo umepungua kwa kiasi kilekile. Elfu mbili ni milimita 4 tu katika mita 2. Meza iliyoinama kiasi hicho ingetoa jedwali lilelile bila ukinzani wowote, na hakuna grafu ya muda na umbali itakayotofautisha mambo haya mawili. Kinachotofautisha ni kugeuza ubao. Beba ubao pamoja na vitegemeo vyake, ugeuze ili silinda iteremke kuelekea upande wa pili wa meza, na upime upya. Mwinamo wa meza, ambao mwanzo ulipunguza mteremko, sasa utauongeza, na upungufu utabadilika. Ukinzani wa kubingirika hauna upande, utabaki ulivyo. Wastani wa vipimo vya pande mbili ndio C halisi, na nusu ya tofauti yao ni mwinamo wa meza. Bila kugeuza, mpimaji mwaminifu anaweza kuandika tu kwamba jumla ya ukinzani na mwinamo ni 0.002. Kwa kulinganisha, wale wanaolaumu thamani ya g kwa kuwa walitumia 9.81 badala ya 9.78 wanaelekeza kidole kwenye sehemu tatu za elfu za mchapuko, kiasi ambacho vipimo hivi haviwezi hata kukiona.

Vipi kuhusu hewa? Jibu linategemea kinachobingirika, na ndiyo maana hewa isitajwe kwa mazoea. Silinda yetu ya chuma ina uzani wa kilo 1.5 hivi, na kwenye mwinuko wa 0.05 inavutwa chini kwa nguvu ya nyutoni 0.75. Ikifikia kasi ya mita 1 kwa sekunde, hewa inaizuia kwa nyutoni 0.003 hivi, chini ya nusu asilimia, na hiyo ni mwisho wa safari tu. Badilisha chuma kwa bomba la plastiki lenye kipenyo na urefu uleule na ukuta wa milimita 3. Hilo lina gramu 60 tu, uvutano unaliteremsha kwa nyutoni 0.03, na hewa ileile, kwa kasi ileile, inachukua sehemu moja ya kumi. Hewa pia ina umbo lake: huzuia zaidi kadiri kasi inavyokua, hivyo mchapuko unaokokotolewa hupungua umbali unaporefuka, kinyume cha kidole, na mstari wa grafu hupinda kuelekea juu badala ya kunyooka. Kwa bomba, basi, kanuni ya ukinzani usiobadilika haitoshi, na anayeilazimisha atapata C kubwa kupita ukweli. Bomba lina mtego mwingine pia. Kwa ukuta wa milimita 3 si jembamba kiasi cha kupewa ile nusu kwa nusu. Utabiri wake sahihi ni 0.259, na anayetumia 0.245 amejiwekea lengo la chini mno. Anaweza kupata kipimo kinacholingana na utabiri wake na kuamini kwamba hakuna kilichopotea.

Hilo linatuleta kwenye hatari ambayo ni kubwa kuliko upungufu wenyewe: kipimo kinachokubaliana na utabiri kwa bahati. Si makosa yote yanayovuta chini. Tuseme mpimaji ameacha saa ya mkono na kutumia malango ya mwanga, ambayo huanzisha na kusimamisha saa silinda inapokata miale. Kidole kimeondoka. Lakini ikiwa silinda imeachiwa sentimita 1 tu juu ya mwale wa kwanza, inaupita ikiwa tayari ina kasi. Sentimita ile moja ya mwanzo ndiyo iliyokuwa ya polepole kuliko zote, na saa haikuihesabu. Kwenye safari ya mita 1.5, kanuni inayodhani silinda ilianza ikiwa imetulia itatoa mchapuko uliozidi ukweli kwa karibu asilimia 18. Changanya ziada hiyo na ukinzani wa kubingirika na mwinamo wa meza, na mtu anaweza kupata 0.326 kamili, akashangilia, na asijue kwamba makosa matatu yamejifuta mbele ya macho yake. Grafu ya muda na kipeuo cha umbali ingemwonya, kwa sababu safari ndogo iliyokosekana huushusha mstari chini ya sifuri. Kipimo kilichopatana na utabiri kinahitaji kuchunguzwa kwa bidii ileile tunayokichunguzia kilichopungua.

Sasa tunaweza kuiandika upya ile sentensi ya ripoti. Kwenye ubao ulioinuliwa sentimita 10, upungufu wa asilimia 10 una sehemu mbili: karibu asilimia 6 ni ya saa, nyongeza ya sekunde 0.10 iliyoonekana kwenye grafu, na karibu asilimia 4 ni ya ukinzani wa kubingirika wa elfu mbili za uzito, kwa sharti kwamba ubao umegeuzwa na meza ikaonekana haina kosa. Je, maelezo haya ni bora kuliko neno msuguano, au ni marefu tu? Kuna namna ya kuamua. Inua ubao sentimita 15, kimo ambacho hakimo kwenye jedwali, na kabla ya kuiachia silinda andika saa itasema nini. Theluthi mbili za g kwa mwinuko wa 0.075 ni 0.489. Toa 0.014, unabaki na 0.475, na kwa mchapuko huo mita 1.5 huchukua sekunde 2.51. Ongeza sekunde 0.10 ya kidole. Saa inapaswa kusimama kwenye 2.61, ilhali utabiri usiojua chochote kuhusu ubao na kidole ungesema 2.48. Tofauti ya sekunde 0.13 inaonekana kwa saa yoyote. Mwenye kuandika msuguano peke yake hana namba ya kuweka mezani kabla silinda haijaachiwa, kwa hiyo hawezi kukosolewa na saa, na kwa sababu hiyo hiyo saa haiwezi kumthibitisha.